Kreatini kwenye maji ya ndimu: namna ya kuichanganya, na muda ulio nao kabla haijaharibika

"Kocha, nimetia kreatini kwenye juisi ya ndimu, imekufa?" Swali hili naulizwa karibu kila wiki, na kila mara linakuja na jibu ambalo muulizaji ameshapewa na mwenzake. Mmoja ameambiwa tindikali ya ndimu inaua kreatini palepale, kwa hiyo amemwaga glasi nzima. Mwingine ameambiwa haina neno kabisa, kwa hiyo anakoroga chupa kubwa Jumapili na kuinywa mpaka katikati ya wiki. Wa kwanza alimwaga kitu kizima. Wa pili ndiye anayepoteza hela yake kidogo kidogo.

Jibu fupi ni hili: ukikoroga na kunywa ndani ya saa moja, unachopoteza ni kidogo kuliko chembe zinazobaki kwenye kijiko. Ukiiacha kwenye juisi chachu kwa siku mbili tatu, hasa mahali penye joto, sehemu kubwa inageuka kuwa kitu kingine kisichosaidia misuli. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuichanganya vizuri na jinsi ya kuibeba ukitoka nyumbani.

Vitu vya kuwa navyo

- Kreatini ya kawaida, ile ya unga mweupe inayoandikwa "creatine monohydrate" kwenye kopo. Vipimo vyote vya hapa ni vya hiyo.
- Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Kama huna, tumia kijiko kilichomo ndani ya kopo, lakini soma kwanza kinabeba gramu ngapi. Havifanani.
- Glasi au chupa ya kutikisia ya mililita 400 au zaidi.
- Maji ya vuguvugu, si yanayochemka.
- Ndimu au limau, likiwa zima, halijakamuliwa.
- Kikopo kidogo kikavu chenye mfuniko, kwa siku unazotoka nyumbani.

Kipimo cha siku kwa watu wengi ni gramu 3 hadi 5. Nitatumia 5 kwenye mifano kwa sababu ndiyo wengi mnayotumia. Kama una ugonjwa wa figo, una mimba, au hujafika miaka 18, zungumza na daktari kwanza kabla ya hata kufungua kopo.

Kinachotokea ndani ya glasi

Sitakuchosha na kemia, lakini jambo moja inabidi ulijue, la sivyo hatua za mbele zitaonekana kama mashariti ya mganga.

Kreatini ikiwa unga mkavu ni ngumu sana kuharibika. Inakaa miaka kwenye kopo bila shida, hata nchi za joto. Ikishayeyuka kwenye maji, molekuli yake inaanza kujikunja, mkia unashikana na kichwa, na tone la maji linatoka. Kinachobaki kinaitwa kreatinini. Angalia tahajia vizuri, majina yanakaribiana lakini vitu ni viwili: kreatini inaingia kwenye misuli na kutumika, kreatinini ni taka ambayo figo zinaitoa kwenye mkojo. Mwili wako wenyewe unafanya mageuzi hayo kila siku. Kati ya asilimia 1 na 2 ya kreatini yote uliyonayo mwilini inageuka kreatinini kila siku, ndiyo maana unahitaji kuirudishia.

Vitu viwili vinaamua kasi ya mageuzi hayo ndani ya glasi, uchachu na joto. Uchachu unapimwa kwa pH. Maji safi yako karibu na 7, na namba ikishuka ndivyo kinywaji kinavyozidi kuwa kichachu. Mapitio ya kisayansi yaliyochapishwa mwaka 2011 yanatoa vipimo hivi vya kreatini iliyoyeyushwa na kuachwa siku 3 kwenye nyuzijoto 25: kwenye pH 5.5 ilipungua asilimia 4, kwenye 4.5 asilimia 12, na kwenye 3.5 asilimia 21. Kwenye pH ya 6.5 na 7.5 ilikuwa imetulia.

Soma tena hapo: siku tatu. Watu wananukuu ile asilimia 21 wanasahau kusema ni baada ya saa 72. Ukiigawanya vizuri, inatoka kama theluthi moja ya asilimia kwa kila saa. Kwenye gramu 5 hiyo ni takriban miligramu 16 kwa saa. Unga unaobaki umenata kwenye mdomo wa chupa yako unaweza kuwa mwingi kuliko huo.

Sasa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Uchachu ukizidi sana, pH ikishuka chini ya 2.5, mageuzi yanasimama karibu kabisa. Ndiyo sababu tumbo haliharibu kreatini: asidi ya tumbo ni kali kupita eneo la hatari, na kinywaji hakikai humo muda mrefu. Kwa hiyo anayekwambia "tumboni kuna asidi, utaipoteza tu" hajui anachosema.

Juisi ya ndimu tupu nayo ina pH ya kati ya 2 na 2.6, kwa hiyo mtu mwerevu atauliza: basi si iko salama humo? Nilijiuliza hivyohivyo, nikachukua karatasi za kupimia pH, zile zenye hatua za nusu nusu. Nikakamua ndimu kubwa moja, nikaongeza maji kufika mililita 300, nikachovya karatasi. Rangi ilikaa kwenye 2.5. Nikatia gramu 5 za kreatini, nikakoroga mpaka maji yakawa meupe kidogo kisha yakaanza kutakata, nikachovya nyingine. Rangi ilikuwa imehama, iko kati ya 3 na 3.5. Kreatini yenyewe inameza sehemu ya tindikali na kuipunguza makali. Yaani kwa kuitia tu, umekitoa kinywaji kwenye eneo tulivu ukakiweka pale pale inapoharibika haraka. Kwa hiyo usitegemee ukali wa ndimu ukulindie chochote. Hesabu maji ya ndimu yenye kreatini kama kinywaji cha pH 3.5, na utakuwa karibu na ukweli.

Hatua kwa hatua: glasi ya kunywa sasa

1. Pima gramu 5 za kreatini kwenye mizani. Kama unatumia kijiko cha kopo, kikate juu kwa kisu kiwe sawa. Kijiko chenye mlima kinaweza kukupa gramu mbili za ziada.

2. Mimina mililita 150 za maji ya vuguvugu kwenye glasi, yenye joto la chai unayoweza kunywa bila kupuliza. Kwenye nyuzijoto 50, lita moja ya maji inayeyusha kama gramu 34 za kreatini, kwa hiyo hizo mililita 150 zinatosha gramu zako 5. Kwenye nyuzijoto 20, lita inabeba gramu 14 tu, na kwenye maji ya friji ya nyuzijoto 4 inabeba 6. Hapa ndipo wanaotumia maji ya barafu wanapokwama: wanakoroga mpaka mkono unachoka na mchanga bado uko chini.

3. Tia unga, koroga dakika moja au mbili mpaka usione chembe. Maji yatakuwa angavu.

4. Ongeza maji ya kawaida mpaka mililita 350 au 400. Usianze na barafu. Ukiipoza ghafla, baadhi ya kreatini itaganda tena na kushuka chini.

5. Sasa kamua ndimu. Iwe ya mwisho, si ya kwanza. Saa inaanza kuhesabu tindikali inapoingia, na hakuna faida yoyote kuianza mapema. Sukari, asali au chumvi kidogo unaweza kutia. Havibadilishi kitu hapa.

6. Kunywa ndani ya saa moja. Ukichelewa ikawa saa mbili au tatu, kunywa tu, usimwage. Bado umebaki na zaidi ya asilimia 98.

7. Tia maji kidogo kwenye glasi iliyoisha, zungusha, unywe. Chembe zilizobaki chini ni dozi yako uliyoilipia.

Onyo kuhusu chai ya ndimu. Chai moto ni nzuri kwa kuyeyusha, na ukiinywa ikiwa moto haina tatizo. Lakini joto na uchachu vikikutana, kasi inapanda. Kwa kanuni ya jumla ya kemia, kila nyuzijoto 10 zikiongezeka kasi inakuwa kama mara mbili. Kwa hiyo usiiweke kreatini kwenye chupa ya chai yenye ndimu ukaifunga kutwa nzima. Weka chai kwenye chupa, kreatini itie kwenye kikombe.

Hatua kwa hatua: ukitoka nyumbani

1. Pima dozi yako asubuhi, iweke kwenye kikopo kikavu, funga. Kikavu kweli: kikiwa na tone la maji unga utaganda kama chumvi ya masika.

2. Beba juisi yako ya ndimu, ukwaju, pasheni au chochote kwenye chupa yake.

3. Ukifika jimu, au ukimaliza mazoezi, mimina unga kwenye chupa, tikisa, kunywa. Usisubiri iyeyuke yote. Chembe ambazo hazijayeyuka zinafanya kazi sawasawa zikishafika tumboni, ilimradi zifike. Tikisa kila kabla ya funda.

Kama lazima uikoroge mapema, labda kazini hakuna pa kupimia, koroga kwenye maji matupu au maziwa freshi badala ya juisi. Maji na maziwa viko karibu na 7, na kreatini inakaa humo siku nzima bila kupungua cha kuonekana. Maziwa yaweke kwenye baridi kwa sababu zake yenyewe. Mtindi ni suala jingine, una pH ya kama 4.5, uko kwenye orodha ya vichachu hata kama hausikii ukali wa ndimu. Ulimi hauaminiki kwenye hili, kwa sababu sukari inaficha uchachu. Soda nyeusi ina pH ya karibu 2.5 na watu wanainywa kama kitu kitamu. Nanasi, chungwa na pasheni navyo vyote viko kati ya 3 na 4, vikiwa vimeiva vizuri.

Chupa ya siku tatu: hesabu yake

Nichukue mfano wa kijana mmoja anayeendesha bajaji hapa Dar, ninayemfundisha. Alikuwa anakoroga lita moja na nusu ya maji ya ndimu na gramu 15 za kreatini, dozi tatu, anakunywa nusu lita kila siku. Chupa ilikuwa inakaa chini ya kiti. Alinilalamikia kwamba kreatini ya sasa haina nguvu.

Tuanze na hali nzuri kuliko yake, yaani nyuzijoto 25 muda wote. Glasi ya kwanza, ikinyweka siku hiyohiyo, ina gramu 5 kamili. Baada ya saa 24, nusu lita ina gramu 4.6. Baada ya saa 48, ina 4.3. Kwa jumla amepoteza kama gramu 1.1 kati ya 15. Inaumiza, lakini si msiba.

Chini ya kiti cha bajaji mchana wa Januari hakuna nyuzijoto 25. Ukichukulia wastani wa 35, kasi inakuwa kama mara mbili: baada ya saa 24 nusu lita ina kama gramu 4.3, na baada ya 48 ina kama 3.7. Hapo amepoteza gramu 2 kati ya 15, na siku ya tatu anakunywa robo ya dozi ikiwa taka. Misuli yake bado inapata, maana hata gramu 3 kwa siku zinatosha kwa muda mrefu, lakini kopo lake linaisha mapema bila sababu.

Nikamwambia angalau aweke kwenye friji. Akaweka, na baada ya wiki akaja na malalamiko mapya: siku ya tatu tumbo linamsokota na anaharisha. Nikamwambia alete chupa. Aliileta ikiwa na baridi, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha: juu maji ya ndimu angavu, chini kitanda cheupe chenye unene wa kidole kidogo, fuwele zinang'aa kama sukari guru iliyosagwa. Hapo nikaona kosa langu la kumpa ushauri nusu.

Baridi inapunguza kuharibika, ni kweli. Lakini friji ya nyuzijoto 4 inashikilia gramu 6 tu kwa lita. Lita moja na nusu inashikilia 9, na zile 6 zilizobaki zinalala chini. Yeye alikuwa anamimina taratibu bila kutikisa. Siku ya kwanza alipata gramu 3, siku ya pili 3, na siku ya tatu akanywa 3 za kwenye maji pamoja na 6 za chini, gramu 9 kwa mkupuo. Kwa watu wengi dozi kubwa ya mara moja namna hiyo ndiyo inayovuruga tumbo, na yeye alikuwa anailaumu ndimu. Sasa anabeba vikopo vitatu vidogo vya unga na chupa ya juisi isiyo na kitu. Malalamiko yameisha.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

La kwanza ni kudhani mashapo ya chini ni kreatini iliyoharibika. Ni kinyume chake. Kilichobaki ni fuwele hakijayeyuka, na kisichoyeyuka hakigeuki. Kilichoharibika huwezi kukiona, kwa sababu kreatinini inayeyuka vizuri kwenye maji na haibadilishi rangi wala harufu. Usijaribu kuonja ili kujua, ndimu itafunika kila kitu. Njia pekee uliyonayo nyumbani ni kujua saa uliyoikoroga, kwa hiyo andika saa kwenye chupa kwa kalamu ya wino mzito.

La pili ni kuongeza dozi ili kufidia. "Imekaa siku mbili, naweka gramu 10." Utakunywa taka nyingi zaidi na tumbo litakusumbua. Kama imelala usiku mmoja kwenye maji ya ndimu nje ya friji, saa 10 hivi, umepoteza kama asilimia 3 mpaka 6 kulingana na joto. Inywe kama ilivyo.

La tatu ni kununua kinywaji cha chupa kilichotengenezwa tayari, kichachu, kinachodai kina kreatini ya kawaida ndani. Fikiria hesabu ya siku tatu, kisha fikiria safari ya chupa hiyo kutoka kiwandani, bandarini, ghalani, mpaka kwenye rafu ya duka lenye joto. Mimi sinunui.

Ukikwama

*Unga haujayeyuka.* Maji ni ya baridi au ni machache. Ongeza maji ya vuguvugu, au koroga na unywe pamoja na chembe.

*Ilikuwa angavu, sasa ina fuwele.* Imepoa. Tikisa unywe, hakuna kilichoharibika kwa sababu hiyo.

*Unga ndani ya kopo umeganda mabonge.* Bonge likavu, jeupe, linalovunjika kwa kijiko halina tatizo, unyevu wa hewa umelishika tu. Kama umekuwa uji au umebadilika rangi, tupa.

*Umesahau chupa yenye ndimu kwa siku nne au tano mahali pa joto.* Tupa. Kreatini iliyobaki inaweza kuzidi nusu, lakini juisi yenyewe imeshaanza kuchacha, na hiyo ndiyo itakayokuumiza.

*Umekunywa iliyokaa siku mbili na una hofu.* Kreatinini iliyomo kwenye glasi moja ni chini ya gramu moja na nusu, na figo zenye afya zinaitoa. Ipo pia kwenye mchuzi wa nyama iliyochemshwa muda mrefu.

*Kipimo cha damu kimeonyesha kreatinini imepanda.* Hii isichukuliwe kijuujuu. Hospitali hutumia kreatinini kukadiria kazi ya figo, na mtu anayetumia kreatini, hata iliyo freshi kabisa, anaweza kuonekana amepanda kidogo ilhali figo ni nzima. Mwambie daktari unatumia nini, gramu ngapi, na tangu lini, kabla hajasoma majibu. Kama atataka uache kwa wiki kadhaa kisha upime tena, acha.